Jina halitafsiriwi: cheti cha kampuni na leseni ya biashara mbele ya benki ya nje

Anayepokea tafsiri yako kule benki haisomi kama mtu asomaye gazeti. Ana fomu mbele yake yenye visanduku: jina la kampuni, aina yake kisheria, namba ya usajili, tarehe ya kuundwa, anwani, kazi inayofanya. Anatazama tafsiri, anajaza kisanduku, halafu anafungua karatasi inayofuata aone kama nayo inasema hivyohivyo. Ikisema vingine, hata kwa herufi moja, faili linawekwa pembeni na mteja anaandikiwa barua pepe ya maswali. Barua pepe hiyo, pamoja na majibu na majibu ya majibu, ndiyo inayochelewesha akaunti kuliko kitu kingine chochote.

Visanduku hivyo havikutungwa na benki moja. Benki nyingi duniani zinafuata viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989 kupambana na utakatishaji fedha. Kwa mteja ambaye ni kampuni, viwango hivyo vinaitaka benki ijue jina lake, muundo wake kisheria na uthibitisho kwamba ipo; kanuni zinazoiongoza na majina ya wakuu wake; na anwani ya ofisi iliyosajiliwa, pamoja na mahali inapofanyia kazi kama ni pengine. Cheti cha usajili na leseni ya biashara vinajibu sehemu kubwa ya maswali hayo. Kwa hiyo ukiketi kutafsiri, jiulize kila mstari unakwenda kujaza kisanduku kipi.

Karatasi hizi mbili hufungwa pamoja kwenye bahasha moja, na ndiyo maana watu huzichanganya. Cheti kinasema kampuni ilizaliwa: siku fulani, chini ya sheria fulani, kwa namba fulani. Hakina tarehe ya mwisho. Leseni inasema mwenye jina hili ameruhusiwa kufanya biashara hii, mahali hapa, mpaka tarehe hii. Mara nyingi hutolewa na mamlaka nyingine kabisa, na ikiisha muda kampuni haifi, inabaki hai ila haina ruhusa. Lakini si kila nchi hutenganisha hivyo. China, kwa mfano, tangu Oktoba 2015 karatasi inayoitwa leseni ya biashara ndiyo hiyohiyo inayothibitisha kwamba kampuni ipo, na ina msimbo mmoja wa tarakimu na herufi 18. Afisa wa benki aliyezoea karatasi za aina hiyo akipewa leseni peke yake anaweza kudhani amepata kila kitu. Kichwa cha tafsiri ndicho kinachomwambia ameshika nini.

Na hapo kwenye kichwa ndipo Kiswahili kinapotutega kwanza. Neno "usajili" kwetu linabeba mizigo mingi. Kampuni inasajiliwa, jina la biashara linasajiliwa, mlipakodi anasajiliwa, hata chama cha michezo kinasajiliwa. Kiingereza cha sheria kinatenganisha. Kampuni inapopewa uhai wake wa kisheria, ikawa mtu anayeweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, cheti chake huitwa "Certificate of Incorporation". Mtu mmoja anayeandikisha jina la duka lake hapewi uhai mpya wowote. Ni yuleyule, na madeni ya duka ni yake, kwa hiyo cheti chake ni "Certificate of Registration" tu, na tafsiri inapaswa kuonyesha kwamba kilichosajiliwa ni jina la biashara. Ukiandika la kwanza mahali pa la pili, umeiambia benki kwamba kuna kampuni wakati hakuna. Ukikosea upande wa pili, benki itaomba cheti ambacho mteja ameshakiwasilisha, na mteja atabaki anashangaa.

Kujua ni kipi, usiangalie kichwa pekee, soma mwili wa cheti. Kama kinasema kampuni "imeundwa leo kisheria" na kwamba ni kampuni "yenye dhima yenye ukomo", hiyo ni kampuni kamili, hata kama juu kimeandikwa "Cheti cha Usajili". Kichwa hicho hukibadilishi kimyakimya. Unakitafsiri kilivyo, na mwili wenyewe unautafsiri kwa neno lake sahihi, "incorporated" na "limited liability". Ikibidi, unaweka maelezo mafupi ya mtafsiri.

Sasa twende kwenye jina, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka. Miaka ya mwanzo niliamini tafsiri nzuri haiachi neno la Kiswahili nyuma. Nikapata cheti cha kampuni yenye jina zuri lenye maana ya wazi, nikaligeuza lote kuwa Kiingereza. Mteja alifurahi, akasema sasa linasikika kimataifa. Benki ikafungua akaunti kwa jina lile nililolitunga mimi. Malipo ya kwanza yakatumwa na mnunuzi aliyekuwa na ankara yenye jina halisi la kampuni, majina hayakulingana, na fedha zikarudi zilikotoka. Kilichofuata ni miezi miwili ya barua, na mteja hakunirudia tena. Sikuwa na la kumlaumu.

Jina la kampuni ni alama, kama jina la mtu. Bwana Baraka hawi "Mr Blessings" akivuka mpaka. Tuchukue mfano wa kubuni tutakaokwenda nao mpaka mwisho: cheti kimeandikwa MWANGA WA ASUBUHI LIMITED. Katika tafsiri linabaki hivyohivyo, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Kama unaona msomaji atanufaika kujua maana yake, iweke mara moja katika maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa, useme wazi kwamba hilo si jina la kisheria la kampuni. Mimi siku hizi siweki kabisa, isipokuwa mteja akiomba.

Aina ya kampuni nayo haibadilishiwi nchi. Kampuni ya Kijerumani inayoishia na GmbH haigeuzwi kuwa Ltd kwa sababu tu benki iko London. Hizo ni kampuni za sheria mbili tofauti ingawa zinafanana. Unaacha kifupisho cha asili na unaeleza kwa maneno ni kampuni ya namna gani. Kama jina liko kwa herufi zisizo za Kilatini, Kiarabu au Kichina tuseme, itabidi uliandike kwa herufi za Kilatini, na hapo swali la kwanza kwa mteja ni hili: mmeshaliandika vipi kwenye mikataba, ankara na nyaraka nyingine za kampuni? Unafuata mwandiko uliokwisha kutumika, maana benki italinganisha na hizo. Majina ya wakurugenzi yanafuata pasipoti zao, hata kama wewe unaona pasipoti imekosea matamshi.

Kwa nini benki ina ukali huu wa herufi? Sababu moja ni kwamba jina la akaunti ndilo litakalosafiri katika ujumbe wa malipo. Ujumbe wa zamani wa SWIFT, mtandao unaobeba ujumbe wa malipo kati ya benki, uliruhusu jina na anwani ya mlipaji mistari minne tu ya herufi 35 kila mmoja, na ulikubali herufi za Kilatini, tarakimu na alama chache. Alama ya & haikuwemo. Mtafsiri hatatui tatizo hilo; kama cheti kina &, wewe unaandika &. Lakini inasaidia kujua kwamba upande wa pili kuna mtambo unaolinganisha herufi, na hauna huruma na ubunifu wako.

Tuiache cheti, tushike leseni ya Mwanga wa Asubuhi. Sehemu ya aina ya biashara imeandikwa: "Ununuzi na usafirishaji wa mazao." Maneno matano, na unaweza kuyatafsiri huku unakunywa chai. Ila "usafirishaji" ni nini? Ni kubeba mazao kwa malori kutoka shambani hadi ghalani, au ni kuyauza nchi za nje? Kiswahili cha kila siku kinatumia neno hilohilo kwa yote mawili. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "transport" au "export". Na kwa benki tofauti hiyo si ndogo. Kampuni inayobeba mizigo ndani ya nchi itaulizwa maswali machache. Kampuni inayouza nje itaulizwa inauza nchi gani, kwa wanunuzi gani, na kama kuna nchi iliyowekewa vikwazo njiani. Ukiandika "export" kwa kampuni ya malori, mteja ataombwa mikataba asiyo nayo. Ukiandika "transport" kwa kampuni inayouza nje, siku fedha za kwanza kutoka ng'ambo zitakapoingia, mfumo wa benki utaona shughuli isiyolingana na maelezo ya mteja, na akaunti inaweza kuzuiwa.

Hapa mtafsiri hakisii. Kwanza anatafuta ushahidi ndani ya karatasi yenyewe, kwa mfano msimbo wa aina ya biashara uliochapwa pembeni, au masharti yaliyo nyuma ya leseni yanayotaja mipaka au bandari. Asipopata, anaomba katiba ya kampuni, kwenye kifungu cha madhumuni, aone kama inazungumzia masoko ya nje. Katika mfano wetu, katiba inasema kampuni itanunua mazao na "kuyauza ndani na nje ya nchi". Sasa anaweza kuandika "Purchase and export of agricultural produce", na katika maelezo yake aseme kwamba neno la asili linaweza pia kumaanisha kubeba mizigo, na kwamba amefuata katiba. Sentensi hiyo moja inamlinda yeye na inamlinda mteja.

Tahadhari hiyohiyo inahusu neno "uwakala". Wakala wa forodha, wakala wa bima na wakala wa kutuma fedha ni watu watatu, na huyo wa tatu ni mteja ambaye benki nyingi humtazama kwa jicho kali. Leseni ikisema "uwakala" tu, andika "agency services" bila kuongeza lolote, umwache mteja aeleze mwenyewe kwa barua.

Tarehe zinaonekana rahisi, na ndiyo sababu zinawaponza watu. Cheti cha mfano wetu kimeandika kwa maneno: "leo tarehe tatu ya mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na kumi na tisa". Leseni imeandika kwa tarakimu: 03/04/2024. Mwingereza atasoma 3 Aprili. Mmarekani atasoma 4 Machi. Usimwachie yeyote kati yao nafasi ya kuchagua, andika mwezi kwa herufi: 3 April 2024. Kama karatasi imetumia kalenda nyingine, ya Hijria au ya Ethiopia, unaandika tarehe kama ilivyo na kuweka ile inayolingana nayo kwenye maelezo, baada ya kuihakikisha. Na leseni inayokoma "saa sita usiku" haikomi saa 12 jioni. Najua msomaji anacheka, lakini tafsiri iliyoandika "6 p.m." nimeishika mikononi.

Namba za usajili zinakopiwa, hazipambwi. Kama namba ni 0047318, sifuri mbili za mwanzo ni sehemu ya namba, na mara nyingi ni programu ya majedwali inayozila bila mtu kuona. Angalia herufi O na tarakimu 0, I na 1. Mtaji nao una hila zake: nchi nyingi za Ulaya bara huandika 5.000.000,00 kwa kile ambacho Kiingereza huandika 5,000,000.00, na leseni za China huhesabu mtaji kwa makumi elfu, hivyo 500 inayofuatwa na alama yao ni milioni tano. Sarafu ibaki ya asili. Kubadilisha kiasi kuwa dola si kazi ya mtafsiri, kwa sababu karatasi haikusema dola.

Sasa tuweke karatasi mbili za Mwanga wa Asubuhi sambamba, kama afisa atakavyofanya. Cheti: MWANGA WA ASUBUHI LIMITED. Leseni: MWANGA WA ASUBUHI CO. LTD. Cheti: namba 0047318. Leseni: 47318. Anayeishi na karatasi hizi kila siku haoni tatizo, kwa kuwa karani wa leseni ameandika kwa mazoea. Afisa wa ng'ambo anaona kampuni mbili.

Kishawishi ni kunyoosha. Unafanya kazi kwa niaba ya mteja, kosa ni dogo, kwa nini usiandike LIMITED kote mambo yaende? Kwa sababu nakala ya asili imeambatishwa, na jina la Kilatini halihitaji mjuzi wa Kiswahili kulisoma. Siku afisa atakapogundua kwamba tafsiri imesema LIMITED na asili inasema CO. LTD, hatamlaumu karani wa leseni. Atalitilia shaka neno lako katika karatasi zote ulizogusa. Kwa hiyo unaandika kila moja ilivyo, na unaweka maelezo: jina na namba katika leseni vinatofautiana na vile vya cheti, vimenakiliwa kama vilivyo katika asili. Husemi ni kampuni ileile. Hilo ni la kuthibitishwa na msajili au na wakili wa kampuni. Halafu unampigia mteja simu kabla hujamkabidhi kazi, umshauri aende ofisi iliyotoa leseni akairekebishe, hasa kama muda wake unakaribia kwisha na ataihuisha vyovyote vile.

Kisha kuna vitu vilivyo kwenye karatasi ambavyo si maneno. Muhuri wa duara, saini, nembo ya taifa, msimbo wa QR, mhuri wa tarehe uliogongwa kwa pembeni, mwandiko wa kalamu. Vyote vinatajwa mahali pake ndani ya mabano ya mraba: kuna saini, kuna muhuri na maneno yake ni haya, hapa hapasomeki. Ukiacha muhuri, benki itauliza kama cheti hakikugongwa. Ukibandika picha ya nembo ya taifa juu ya tafsiri yako ili ipendeze, umefanya baya zaidi, kwani karatasi yako itaanza kufanana na cheti chenyewe, na tafsiri haipaswi kamwe kudhaniwa kuwa asili. Tafsiri pia upande wa nyuma. Leseni nyingi zina masharti huko kwa maandishi madogo, na mojawapo laweza kuwa kwamba leseni ni ya eneo moja tu.

Yanabaki mambo ya uthibitisho, ambako wateja wengi hupoteza fedha kwa kukosea mpangilio. Uliza benki kabla ya kuanza, kwa maandishi, inataka tafsiri ya namna gani. England haina mfumo wa watafsiri walioapishwa, hivyo benki ya huko mara nyingi hutosheka na tamko la mtafsiri kwamba tafsiri ni ya kweli na sahihi, likiwa na tarehe, jina lake kamili na mawasiliano yake. Ujerumani na Hispania wana watafsiri walioapishwa, na benki ya huko inaweza kukataa mtu mwingine hata kama lugha yake haina doa. Kokote uendako, mkurugenzi wa kampuni asitafsiri cheti cha kampuni yake mwenyewe.

Benki ikitaka apostili, jua kwanza ni nini. Ni cheti kilichoanzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, chenye vipengele kumi vyenye namba, na kinathibitisha kwamba saini na muhuri kwenye waraka ni vya kweli na aliyesaini alikuwa na cheo alichodai. Hakisemi lolote kuhusu ukweli wa yaliyoandikwa, wala hakithibitishi tafsiri. Nchi yako au ya benki ikiwa haimo kwenye mkataba huo, njia ni ndefu zaidi, kupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Vyovyote iwavyo, mara nyingi mpangilio salama ni kupata kwanza mihuri yote kwenye waraka wa asili au nakala yake iliyothibitishwa, ndipo utafsiri, ili apostili nayo itafsiriwe. Anayetafsiri kwanza hujikuta ana tafsiri ya karatasi ambayo baadaye imeongezwa ukurasa, na ukurasa huo haumo.

Angalia na umri wa karatasi. Cheti cha mwaka 2019 hakijachacha, lakini kinathibitisha kwamba kampuni ilizaliwa 2019, si kwamba ipo leo. Ndiyo maana benki nyingi huomba pamoja nacho dondoo la karibuni kutoka kwa msajili, na mara nyingi huitaka iwe ya miezi mitatu iliyopita au pungufu. Mteja akiichukua mapema mno, tafsiri na mihuri vitakamilika wakati dondoo limeshazeeka.

Kwa Mwanga wa Asubuhi, basi, mpangilio unakuwa hivi: leseni inarekebishwa jina na namba wakati wa kuihuisha, dondoo la msajili linachukuliwa wiki hiyohiyo, mihuri inagongwa, na tafsiri ya leseni inaandikwa upya kutoka kwenye karatasi mpya. Maelezo kuhusu tofauti ya jina yanaondoka. Yale ya neno "usafirishaji" yanabaki.